Maandamano Yaleyale, Hukumu Mbili: Ni Lini Kuvunja Sheria Ni Haki?

Ijumaa Kuu ya tarehe 12 Aprili 1963, watu 52 walitoka kanisani mjini Birmingham, katika jimbo la Alabama nchini Marekani, wakaanza kutembea kuelekea katikati ya mji kupinga ubaguzi wa rangi. Walikwenda wawili wawili kwenye njia ya waenda kwa miguu. Hawakumzuia mpita njia wala hawakusimamisha gari, na taa za barabarani walizitii. Walipofika mtaa wa nne polisi wakawakamata. Kosa lao lilikuwa kuandamana bila kibali. Waliowaongoza walikuwa wachungaji watatu, akiwamo Martin Luther King na Fred Shuttlesworth.

Kesi zilizotokana na maandamano ya sikukuu hiyo zilifika Mahakama ya Juu ya Marekani mara mbili. Mwaka 1967 mahakama ilisema wachungaji hao walistahili adhabu. Mwaka 1969 ikasema Shuttlesworth hakuwa na hatia. Watu walikuwa walewale, mtaa uleule, sheria ileile, na hata jaji aliyeandika hukumu zote mbili, Potter Stewart, alikuwa mmoja. Anayetaka kuelewa uasi wa kiraia, maana yake kuvunja sheria hadharani, bila vurugu, ili kupinga dhuluma, hana darasa bora kuliko tofauti kati ya hukumu hizi mbili. Wengi hukumbuka barua ambayo King aliiandika akiwa jela siku chache baadaye, na kisheria mambo wanaishia hapo. Mimi naona barua hiyo inaeleweka vizuri zaidi ukijua ni karatasi ipi hasa ilivunjwa, na usiku gani ilitiwa saini.

Kwanza, sheria yenyewe. Kanuni za mji wa Birmingham zilitaka kila maandamano yawe na kibali cha baraza la makamishna watatu. Makamishna walipaswa kutoa kibali isipokuwa kama, kwa maoni yao, ustawi wa umma, amani, usalama, afya, adabu, utulivu, maadili au urahisi wa watu ulidai wakatae. Soma orodha hiyo tena polepole. Hakuna maandamano duniani ambayo ofisa hawezi kuyakataa kwa neno mojawapo. Mtu akitembea, anampunguzia mwenzake urahisi. Akiimba, anagusa utulivu. Sheria iliyoandikwa hivyo haisemi lolote kuhusu rangi ya mtu, lakini inamkabidhi ofisa uwezo wa kuamua nani azungumze na nani anyamaze.

Na ofisa huyo alikuwa nani? Alikuwa Eugene Connor, kamishna wa usalama, ambaye msimamo wake wa kutetea ubaguzi haukuwa siri. Tarehe 3 Aprili mwakilishi wa waandamanaji alikwenda kwenye ofisi za mji kuomba kibali. Connor akamjibu kwamba hatapata kibali Birmingham, na kwamba kama ni kuandamana, yeye mwenyewe atamwandamanisha mpaka jela. Siku mbili baadaye Shuttlesworth alituma ombi kwa simu ya maandishi. Jibu lilikuwa kwamba kibali hutolewa na baraza zima, si na mtu mmoja.

Hapa ndipo swali la maadili linapoanza kuwa gumu. Sheria iliyomlazimisha mtu mweusi asikae kwenye kaunta ya chakula dukani ilikuwa ya dhuluma kwa maneno yake yenyewe, na kuivunja kwa kukaa tu pale hakuhitaji nadharia ndefu. Sheria ya kibali si hivyo. Mji wowote wenye barabara unahitaji kujua ni nani atapita wapi na saa ngapi, ili misafara miwili isigongane na gari la wagonjwa lipate njia. King mwenyewe alikiri katika barua yake kwamba hana neno na kanuni ya kibali cha maandamano. Alichopinga ni pale kanuni hiyo inapotumiwa kulinda ubaguzi. Kwa hiyo kuna dhuluma za aina mbili, iliyo ndani ya maandishi na iliyo mkononi mwa anayeyatekeleza, na ya pili inamtaka mwasi athibitishe zaidi. Haitoshi aseme kwamba sheria ni mbaya. Inabidi aonyeshe kwamba aliomba, jibu alilopewa, na jinsi wengine walivyotendewa. Lile jibu la Connor la tarehe 3 Aprili lina uzito kuliko hotuba kumi, kwa sababu linaonyesha kwamba mlango wa halali ulifungwa na mtu aliyekusudia kuufunga.

Kwa ile ya kwanza, iliyo ndani ya maandishi, barua ya King inatoa vipimo viwili ambavyo havihitaji msomaji awe Mkristo. Cha kwanza: je, walio wengi wameifanya sheria hii iwabane wachache bila kuwabana wao wenyewe? Cha pili: je, wanaobanwa walikuwa na sauti katika kuitunga? Alabama ya wakati ule, watu weusi walizuiwa kupiga kura kwa hila za kila namna. Hoja ya kawaida kwamba usivunje sheria bali piga kura uibadilishe ilikuwa haina mahali pa kusimama.

Vipimo hivyo vina faida nyingine ambayo watu huisahau: vinamzuia pia mwasi mbaya. Tarehe 11 Juni mwaka uleule, gavana wa Alabama, George Wallace, alisimama mlangoni mwa chuo kikuu cha jimbo kuzuia wanafunzi wawili weusi wasiandikishwe, kinyume na amri ya mahakama ya shirikisho. Naye alisema anatetea haki. Naye alisimama hadharani mbele ya kamera. Kama dhamiri safi na ujasiri wa kuonekana ndivyo vinavyohalalisha uasi, basi Wallace na King wako sawa, na hoja nzima inaanguka. Lakini mpime Wallace kwa vipimo vile viwili. Sheria aliyoipinga ilimbana kila mtu kwa usawa. Yeye alikuwa na kura, na zaidi ya kura alikuwa na jimbo zima mkononi. Alichokuwa anakitetea ni uwezo wa kuwanyima wengine kile alichokuwa nacho yeye. Dhamiri ni sharti la mtu kuanza kufikiria uasi, haiwezi kuwa ndiyo hukumu. Lazima mtu awe sahihi kuhusu dhuluma yenyewe, na akikosea, ukweli wa moyo wake unaweza kumpunguzia lawama lakini haumpi haki.

Sasa turudi kwenye kalenda, maana swali la pili ni kama njia nyingine zilikuwa zimekwisha. Septemba 1962 viongozi wa weusi walizungumza na wenye maduka, wakaahidiwa kwamba mabango ya kibaguzi yataondolewa. Maandamano yakasimamishwa. Baada ya muda yale machache yaliyoondolewa yakarudi, na mengine hayakuguswa kabisa. Mwaka 1963 wakapanga kuanza upya, wakaahirisha kupisha uchaguzi wa meya wa Machi, kisha wakaahirisha tena kwa sababu Connor aliingia duru ya pili. Duru hiyo ilifanyika tarehe 2 Aprili na Connor akashindwa. Kampeni ikaanza tarehe 3. Viongozi wanane weupe wa dini wa mjini, watu waliojiona wapole, walitoa tamko wakisema maandamano hayo hayana busara na hayakuja kwa wakati wake.

Kudai kwamba njia zote zimalizwe kwanza ni sharti zuri ambalo likitafsiriwa kwa ukali linakuwa mtego. Daima kuna ombi jingine la kuandikwa, kamati nyingine ya kusubiriwa, uchaguzi mwingine unaokuja. Kwa hiyo wanaofikiri vizuri juu ya jambo hili hawaulizi kama kila njia imejaribiwa. Wanauliza kama majaribio ya kweli yamefanywa, yakapata jibu, na kama jibu hilo linampa mtu mwenye akili timamu sababu ya kuamini kwamba kurudia kutaleta kitu tofauti. Ahadi iliyotolewa ikavunjwa ni ushahidi mkubwa kuliko ombi lililokaa mezani bila kujibiwa. Ahadi iliyovunjwa inaonyesha kwamba mwenzako alikuelewa, akakubali, halafu akaona hakuna gharama ya kukugeuka.

Usiku wa tarehe 10 Aprili mambo yakapanda ngazi. Mji ulikwenda kwa jaji wa mahakama ya jimbo, ukapata amri ya zuio dhidi ya watu 139 na vyama viwili, upande wa pili usiwepo. Amri hiyo ilikataza kuandamana bila kibali, kwa maneno yaliyofanana na ya kanuni ile ile. Viongozi walikabidhiwa nakala usiku wa manane. Saa chache baadaye, Alhamisi, wakatangaza kwa waandishi wa habari kwamba hawataitii. Kesho yake, Ijumaa, wakatoka kanisani.

Hapo pana tofauti ambayo mtu asiye mwanasheria anaweza kuipita bila kuiona. Kuanzia usiku ule hawakuwa wakivunja kanuni ya mji peke yake. Walikuwa wakikaidi amri ya mahakama. Kanuni ya mji inaweza kupingwa kwa kuivunja: unakamatwa, unajitetea kwamba kanuni ni batili, na mahakama ikikubali unatoka huru. Ndivyo ilivyokuwa kwa Shuttlesworth mwaka 1969, baada ya kuhukumiwa siku 90 za kazi ngumu na 48 zaidi kwa kutolipa faini na gharama. Mahakama ya Juu ilisema kanuni iliyompa ofisa hiari isiyo na mipaka juu ya uhuru wa watu kusema haimfungi mtu, na anaweza kuipuuza. Amri ya mahakama ni habari nyingine. Hata kama amri ni batili, kanuni ya majaji ni kwamba uende mahakamani uiondoe kwanza. Ukiikaidi kisha ukaja kujitetea kwamba ilikuwa batili, umechelewa. Ndiyo maana mwaka 1967, kwa kura 5 dhidi ya 4, wachungaji wanane weusi, wakiwamo King na Shuttlesworth, walithibitishiwa adhabu ya kudharau mahakama: siku 5 jela na faini ya dola 50 kila mmoja. Hoja ya jaji Stewart ilikuwa kwamba hakuna mtu anayeweza kuwa hakimu katika kesi yake mwenyewe, awe mwema kiasi gani.

Nakubali nusu ya hoja hiyo. Amri ya mahakama ina uzito kuliko kanuni ya baraza, na sababu yake si heshima ya joho. Mahakama ndipo mahali ambapo watu wasioelewana hupeleka ugomvi wao badala ya kupigana. Kila mtu akijipa ruhusa ya kukaidi amri anayoiona mbaya, atakayeumia kwanza ni mnyonge, kwa kuwa ndiye mwenye haja kubwa na amri za mahakama. Ilikuwa amri ya mahakama iliyowafungulia wale wanafunzi wawili mlango wa chuo. King alilijua hilo vizuri. Julai 1962, mjini Albany katika jimbo la Georgia, jaji wa shirikisho alimzuia asiandamane naye akatii, kwa sababu mahakama za shirikisho ndizo zilizokuwa zimeanza kuwapa weusi haki zao. Zuio lile liliondolewa na mahakama ya rufaa siku chache baadaye, lakini nguvu ya kampeni ilikuwa imepungua.

Nusu nyingine siikubali. Hoja kwamba usiwe hakimu wa kesi yako inadhani kuna hakimu asiye na upande anayekusubiri. Birmingham, ofisa aliyekataa kibali na mji uliokwenda kuomba zuio walikuwa upande mmoja, na zuio lenyewe lilitolewa bila upande wa pili kusikilizwa, siku chache tu kabla ya Pasaka, kipindi ambacho mgomo wa kutonunua madukani ulikuwa na makali yake yote. Mji haukuhitaji kushinda kesi. Ulihitaji kuchelewesha tu. Stewart mwenyewe aliacha mlango wazi: alisema kesi ingekuwa tofauti kama wachungaji wangekwenda mahakamani na kukutana na ucheleweshaji. Ni kweli hawakwenda, na hapo ndipo utetezi wao ulipo dhaifu. Walikuwa na siku nzima ya Alhamisi. Kama wangewasilisha ombi asubuhi ile na likapuuzwa, kimaadili wangekuwa na hoja isiyo na ufa, na huenda hata kisheria. Hata hivyo majaji wanne waliopinga hukumu ya 1967, wakiongozwa na jaji mkuu Earl Warren, hawakuona kwamba zuio lililonakili kanuni batili linapaswa kuifanya iwe na nguvu ambayo yenyewe haikuwa nayo. Nami nashindwa kuona jinsi dhuluma inavyotakasika kwa kupigwa muhuri wa mahakama.

Kile kilichowasaidia zaidi, kwa maoni yangu, ni namna walivyovunja. Walitangaza mapema. Waliojitolea walikuwa wametia saini kadi za ahadi, mojawapo ikiwa kujiepusha na ukatili wa ngumi, wa ulimi na wa moyo. Na walikubali adhabu: mwishoni mwa Oktoba 1967, zaidi ya miaka minne baada ya tukio, King alirudi Alabama kutumikia siku zake. Kukubali adhabu kunafanya kazi mbili. Kunawaambia watazamaji kwamba mtu huyu hakuvunja sheria kwa faida yake, na kunamlazimisha yeye mwenyewe kupima kama dhuluma anayoipinga inastahili gharama hiyo. Kwa sheria iliyokukera kidogo tu hutakubali kufungwa kwa hiari.

Lakini ukijua kazi ya sharti hilo, unajua pia linapokoma. Mwaka 1850 bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyowataka hata raia wa majimbo yasiyo na utumwa wasaidie kuwakamata watumwa waliotoroka. Watu wengi waliivunja kwa siri, wakiwaficha watoro usiku na kuwapitisha kuelekea Kanada. Nani angethubutu kuwaambia wajitangaze? Gharama ya uwazi isingemwangukia aliyevunja sheria, ingemwangukia mtu aliyejificha kwenye dari yake. Uasi wa namna hiyo hauombi walio wengi wafikiri upya. Unaokoa mtu. Kwa hiyo uwazi na kukubali adhabu vinawabana wale wanaotaka kuishawishi jamii ambayo bado inaweza kushawishika. Pale ambapo kushtakiwa ni kutoweka, au siri ndiyo inayomlinda mtu wa tatu, kudai uwazi ni kudai kafara.

Mtu wa tatu ndiye mpaka ambao mjadala mwingi huuruka, na Birmingham haikuuvuka salama. Kufikia mwisho wa Aprili watu wazima waliojitolea kufungwa walikuwa wamepungua. Wengi walikuwa na waajiri weupe, na kukamatwa kulimaanisha kupoteza kazi na familia kulala njaa. Mmoja wa waandaaji, James Bevel, akapendekeza wanafunzi. Hoja yake haikuwa ya kijinga: mtoto hana mshahara wa kunyang'anywa. Tarehe 2 Mei zaidi ya elfu moja waliacha madarasa, wakatoka makundi kwa makundi, na mamia wakakamatwa. Siku iliyofuata Connor aliwaachia mbwa na maji ya zimamoto. Picha zikazunguka dunia. Tarehe 10 Mei makubaliano ya kuanza kuondoa ubaguzi madukani yakatangazwa. Bodi ya elimu ikawafukuza wanafunzi zaidi ya elfu moja, mpaka mahakama ya rufaa ya shirikisho ilipoamuru warudishwe.

Waliolaumu hawakuwa wa upande mmoja. Mwanasheria mkuu wa serikali, Robert Kennedy, alilaumu. Malcolm X, mwanaharakati mweusi aliyekuwa mbali kabisa na Kennedy kimawazo, alilaumu vilevile. Jibu la waandaaji lilikuwa kwamba watoto hao walikuwa wanaumizwa na ubaguzi kila siku, wala hakuna aliyewahi kuwaombea ridhaa kwa maumivu hayo. Ni jibu zito. Ila haligusi swali lenyewe: uasi wa kiraia unapata heshima yake kutokana na mtu kuchagua kubeba gharama, na anayebeba lazima awe anaweza kuchagua. Kijana wa miaka kumi na sita aliyeona shangazi yake akifukuzwa dukani anajua anachokifanya. Miongoni mwa waliokamatwa walikuwamo watoto wa shule za msingi. Huyo hachagui, anapelekwa, na ushindi wa tarehe 10 Mei haubadilishi hilo, kwa sababu asubuhi ya tarehe 2 hakuna aliyejua kwamba maji yale hayataua mtu. Ningewaruhusu wale wa sekondari, na ningesimama mlangoni mwa kanisa kuwarudisha wadogo nyumbani. Wapo wanaosema kwamba bila wadogo wale kusingekuwa na makubaliano. Inawezekana kabisa, na bado ningewarudisha.